Mwezi mmoja, sikukuu mbili: Jinsi Idi na Pasaka za mwaka 2025 zilivyopangwa

Na Mwandishi Wetu, Bukoba

WAKAZI wa Bukoba na Muleba wanaoishi katika nyumba zenye Waislamu na Wakristo chini ya paa moja wanalikumbuka vizuri jambo lililotokea Machi 2025. Mwezi mtukufu wa Ramadhani na kipindi cha Kwaresima vilikwenda sambamba kwa karibu mwezi mzima. Kisha Idi el Fitri ikasherehekewa na wengine Jumapili Machi 30 na wengine Jumatatu Machi 31, wakati Pasaka iliadhimishwa na makanisa yote siku moja, Jumapili Aprili 20.

Swali lililobaki kwa wengi ni hili: ikiwa sikukuu zote hizo hufuata mwezi wa angani, na mwezi ni mmoja, kwa nini Idi iwe na siku mbili na Pasaka iwe na siku moja?

Video fupi ya dakika tatu inayoambatana na makala haya inajibu swali hilo kwa michoro minne ya kawaida ya mwezi. Maelezo yanayofuata yanafafanua kila mchoro, pamoja na mambo ambayo mchoro peke yake hauwezi kuyaonyesha. Lililo kubwa ni kwamba mwezi uliofunga Ramadhani ya mwaka 2025 ndio huo huo uliopanga Pasaka ya mwaka huo. Kilichotofautiana ni namna ya kuusoma.

Mchoro wa kwanza: Taa na mpira

Mchoro wa kwanza unaonyesha taa upande mmoja, mtu amesimama katikati, na mpira mweupe unaomzunguka. Taa ni jua, mtu ni dunia na mpira ni mwezi. Wakati wote nusu ya mpira inayoitazama taa huwa na mwanga na nusu ya pili huwa giza. Kinachobadilika ni sehemu ya ile nusu yenye mwanga ambayo mtu aliyesimama katikati anaweza kuiona.

Mpira unapokuwa upande wa taa, mtu huona nusu ya giza tu, na hapo mwezi haupo machoni mwetu. Unaposogea pembeni, ukingo mwembamba wenye mwanga hutokea, nao ndio mwezi mchanga, au hilali. Unapofika nyuma ya mtu, mkabala na taa, nusu yote yenye mwanga huonekana, na huo ndio mwezi mpevu.

Watu wengi hudhani kuwa mwezi hupungua kwa sababu ya kufunikwa na kivuli cha dunia. Sivyo. Kivuli cha dunia huufikia mwezi wakati wa kupatwa kwake tu, jambo la saa chache ambalo hutokea mwezi ukiwa mpevu. Umbo tunaloliona kila usiku hutokana na pembe tunayoutazamia.

Mzunguko mmoja, tangu mwezi kuwa upande wa jua hadi kurudi hapo tena, huchukua wastani wa siku 29 na nusu. Nusu hiyo ya siku ndiyo chanzo cha mambo yote yanayofuata. Kalenda haiwezi kuwa na nusu siku, hivyo mwezi mmoja huhesabiwa kuwa na siku 29 na mwingine 30, na lazima pawepo utaratibu wa kuamua upi uwe na ngapi.

Mchoro wa pili: Jioni mbili za Machi 2025

Kwa Waislamu, utaratibu huo ni jicho. Siku ya kalenda ya Kiislamu huanza jua linapotua, ndiyo maana wazee wa Kiswahili huuita usiku unaotangulia Ijumaa kuwa ni usiku wa Ijumaa. Jioni ya siku ya 29 watu hutazama upande wa magharibi mara baada ya magharibi kuingia. Hilali ikionekana, mwezi mpya umeandama na kesho yake ni tarehe mosi. Isipoonekana, au mawingu yakiufunika, mwezi unaomalizika hukamilishwa siku 30. Hauwezi kuzidi hapo.

Mchoro wa pili unaonyesha upeo wa magharibi kama unavyotazamwa kutoka Bukoba katika jioni mbili zilizofuatana.

Jumamosi Machi 29, 2025, mwezi ulipita upande wa jua saa 7:58 mchana kwa saa za Afrika Mashariki. Ushahidi wake ulikuwa wazi, kwa sababu siku hiyo hiyo mwezi ulilifunika jua kwa sehemu, na kupatwa huko kulionekana Ulaya na kaskazini magharibi mwa Afrika. Bukoba jua lilitua saa 1 jioni na dakika moja hivi. Hivyo wakati wa magharibi mwezi ulikuwa na umri wa takriban saa tano tu tangu uachane na jua.

Mwezi hujitenga na jua kwa kadiri ya nyuzi nusu kila saa, na siku hiyo ulikuwa ukienda kasi zaidi ya kawaida kwa kuwa ulikuwa karibu na dunia. Kwa saa tano ulikuwa umejitenga kwa nyuzi zipatazo tatu. Mtu akinyoosha mkono mbele yake, nafasi hiyo ni sawa na upana wa vidole viwili. Mwezi ukiwa karibu na jua kiasi hicho huzama dakika chache tu baada ya jua, anga ikiwa bado inang'aa. Isitoshe, wanajimu wameonyesha kuwa ukiwa chini ya nyuzi saba hivi kutoka kwenye jua, ule ukingo wenye mwanga huwa mwembamba kiasi kwamba jicho haliwezi kuutambua hata anga ikiwa safi.

Jioni iliyofuata, Jumapili Machi 30, hali ilikuwa tofauti kabisa. Mwezi ulikuwa na umri wa saa 29 na ulikuwa umejitenga na jua kwa nyuzi kama 17. Ulibaki angani kwa karibu saa nzima baada ya jua kutua. Palipokuwa hapana mawingu, hata mtoto angeweza kuuonyesha kwa kidole.

Kwa nini basi wengine walisali Idi Jumapili asubuhi? Mahakama Kuu ya juu ya Saudi Arabia ilitangaza jioni ya Jumamosi kwamba ilipokea ushahidi wa mwandamo wa mwezi. Baadhi ya Waislamu nchini hushika msimamo kwamba mwezi ukithibitishwa mahali popote duniani, unawatosha Waislamu wote. Wengine, pamoja na Baraza Kuu la Waislamu Tanzania (Bakwata), husubiri mwandamo unaothibitishwa nchini au katika nchi jirani, na tangazo hutolewa na Mufti. Hao walisherehekea Jumatatu Machi 31.

Hitilafu hiyo ni ya kifiqhi na ina karne nyingi. Uzito wake kwa muumini si mdogo, kwani kula mchana wa Ramadhani bila udhuru ni kosa, na kufunga siku ya Idi ni kosa vilevile. Jumapili ile, majirani wawili waliotenganishwa na mgomba mmoja, huyu aliyekuwa akila na yule aliyekuwa amefunga, kila mmoja alikuwa akiogopa kosa lake.

Kwa nini Bukoba hilali ni kama mtumbwi

Hapa ndipo michoro mingi inayosambazwa inapowapotosha watazamaji wa Kagera. Michoro hiyo imechorwa kwa ajili ya watu wa Ulaya na Marekani, ambako mwezi mchanga husimama wima kama upinde, mwanga ukiwa upande wa kulia. Anayeitumia Bukoba hutafuta angani umbo ambalo halipo.

Bukoba ipo kusini kidogo tu mwa mstari wa ikweta, chini ya nyuzi moja na nusu. Huku jua na mwezi huzama karibu wima. Kwa kuwa upande wenye mwanga daima hulitazama jua, na jua liko chini ya mwezi, mwanga huwa upande wa chini na pembe mbili huelekea juu. Hilali yetu imelala kama mtumbwi. Mwezi Machi mtumbwi huo huinamia kulia, upande wa kaskazini, na mwezi Septemba huinamia kushoto. Jioni ya Machi 30, 2025 aliyetaka kuuona alipaswa kutazama juu na kulia kidogo ya mahali jua lilipotua. Kwa sababu hiyo mchoro wa pili katika video umechorwa upya, wala haukunakiliwa.

Mahali pa kusimama nako kuna maana. Mji wa Bukoba umekaa ufukweni, Ziwa Victoria likiwa mashariki, na upande wa magharibi, ambako hilali hutafutwa, kuna miinuko. Mwezi ulio chini sana huzama nyuma ya kilima kabla haujazama kwenye upeo wa kweli. Aliyesimama juu ya uwanda wa Kamachumu wilayani Muleba, au katika kisiwa cha Goziba ambako upeo wa magharibi ni maji, huuona kwa dakika kadhaa zaidi. Kuna pia faida ya kuwa magharibi mwa nchi: Machi jua hutua Bukoba takriban nusu saa baada ya kutua Dar es Salaam, na mwezi huwa umepata nusu saa zaidi ya kujitenga na jua. Hata hivyo Machi na Aprili ni msimu wa masika, na mawingu ya ziwani huweza kuifuta faida hiyo yote.

Mchoro wa tatu: Kuhesabu hadi 14

Mchoro wa tatu ni visanduku 14 vilivyopangwa mstari mmoja, kila kimoja kikiwa na mwezi unaozidi kujaa. Kisanduku cha kwanza ni Jumatatu Machi 31, 2025. Kisanduku cha 14 ni Jumapili Aprili 13, na ndani yake kuna mwezi mpevu. Angani kwenyewe mwezi ulifikia upevu saa 9:22 usiku wa kuamkia Jumapili hiyo.

Kwa Waislamu waliofuata mwandamo wa nchini, Machi 31 ilikuwa mosi Shawwal, au Mfunguo Mosi kwa hesabu ya Waswahili. Katika jedwali la Kanisa la kutafutia Pasaka, siku hiyo hiyo ilikuwa siku ya kwanza ya mwezi wa Pasaka. Hesabu mbili zilizotungwa na watu tofauti, katika karne tofauti, zilianza siku moja.

Kanuni ya Pasaka ni hii: Pasaka ni Jumapili ya kwanza inayofuata mwezi mpevu unaoangukia Machi 21 au baada ya hapo. Msingi wa kuwa na Jumapili moja kwa makanisa yote uliwekwa katika Mtaguso wa Nikea mwaka 325. Machi 21 ilichukuliwa kuwa ndiyo siku ambayo mchana na usiku hulingana.

Mwaka 2025 kanuni hiyo ilikutana na jambo linalowatatanisha wengi. Mwezi mpevu uliangukia Jumapili yenyewe, Aprili 13. Je, siku hiyo ingekuwa Pasaka? Hapana, kwa sababu kanuni inataka Jumapili inayofuata mwezi mpevu, si inayogongana nao. Ndiyo maana Aprili 13 ikawa Jumapili ya Matawi na Pasaka ikawa Aprili 20. Kutoka hapo tarehe nyingine hupatikana kwa kuhesabu tu: siku 46 nyuma ni Jumatano ya Majivu, Machi 5; siku 49 mbele ni Pentekoste, Juni 8.

Katoliki Jimbo la Bukoba, Dayosisi ya Kaskazini Magharibi ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania na Dayosisi ya Lweru ya Kanisa Anglikana iliyoko Muleba wote hutumia jedwali hilo moja. Hakuna padri wala mchungaji anayepanda kilimani kutafuta mwezi mpevu. Jedwali liliandikwa zamani, likarekebishwa mwaka 1582 pamoja na kalenda ya Papa Gregori, na mtu yeyote anaweza kulitumia kupata Pasaka ya mwaka 2050 leo hii. Hiyo ndiyo sababu ya Pasaka kuwa na siku moja: jedwali halina mawingu wala vilima.

Jedwali linapotofautiana na anga

Lakini uhakika huo una gharama yake. Mwezi wa jedwali si mwezi wa angani. Ni makadirio mazuri yanayojirudia kila baada ya miaka 19, kwa kuwa miaka 19 ya jua inakaribia sana kuwa sawa na miandamo 235 ya mwezi. Mara nyingi vyote viwili hukubaliana, kama ilivyokuwa mwaka 2025. Mara nyingine hutofautiana.

Mfano ulio wazi ni mwaka 2019. Mwezi wa angani ulifikia upevu alfajiri ya Alhamisi Machi 21, saa 10:43 kwa saa zetu, muda mfupi baada ya mchana na usiku kulingana. Aliyetazama anga peke yake angesema Pasaka ni Jumapili Machi 24. Jedwali la Kanisa, hata hivyo, liliuweka mwezi huo mpevu Machi 20, siku moja kabla ya mpaka. Ikabidi kusubiri mwezi mpevu uliofuata, wa Aprili 18, na Pasaka ikaadhimishwa Aprili 21. Tofauti ya siku moja katika jedwali ilisogeza sikukuu kwa majuma manne.

Waorthodoksi, ambao nao wana waumini mkoani Kagera, hushika kanuni hiyo hiyo lakini kwa kalenda na jedwali la zamani, la kabla ya mwaka 1582. Machi 21 ya kalenda yao ni Aprili 3 ya kalenda ya ukutani. Ndiyo maana mwaka 2024 Pasaka yao ilikuwa Mei 5 wakati ya makanisa mengine ilikuwa Machi 31. Mwaka 2025 hesabu zote mbili zilikutana Aprili 20.

Mchoro wa nne: Nani anahama, nani anabaki

Mchoro wa mwisho ni duara la mwaka lenye majira ya Kagera: masika, kiangazi, vuli, na Novemba ambayo kila mwenyeji huijua kwa senene. Juu ya duara hilo kuna alama mbili, moja ya Idi el Fitri na nyingine ya Pasaka.

Miezi 12 ya mwandamo hufanya siku 354, yaani pungufu ya mwaka wa jua kwa siku kama 11. Uislamu haufidii upungufu huo, hivyo alama ya Idi hurudi nyuma kila mwaka. Mwanzoni mwa Novemba 2005 watu walisali Idi katika msimu wa senene. Miaka 20 baadaye, mwishoni mwa Machi 2025, waliisali masika yakiwa yameanza. Mwaka 2030 Ramadhani inatarajiwa kuanza mara mbili, Januari na tena mwishoni mwa Desemba. Baada ya miaka takriban 33 alama hiyo huwa imelizunguka duara lote.

Jedwali la Pasaka hulifidia pengo hilo kwa kuongeza mwezi wa 13 katika baadhi ya miaka. Kwa sababu hiyo alama ya Pasaka huyumba mbele na nyuma bila kutoka nje ya Machi 22 na Aprili 25. Kagera Pasaka huadhimishwa daima katika majira ya masika.

Kwa mpangaji wa likizo, mwenye basi au mfanyabiashara wa soko la Bukoba anayeagiza mzigo wa sikukuu, maana yake ni hii. Tarehe ya Pasaka katika kalenda ya ukutani ni ya mwisho, haitabadilika. Tarehe ya Idi iliyochapwa humo ni ya makadirio, na inaweza kusogea kwa siku moja. Hata hivyo anaweza kujua mapema kama kuna uwezekano wa kupatikana siku mbili. Atazame saa ambayo mwezi unapita upande wa jua, kisha ahesabu saa hadi magharibi ya jioni ya kutafuta hilali. Zikiwa chini ya 15, kuiona kwa macho matupu hakutarajiwa. Zikiwa zaidi ya 24, kwa kawaida huonekana kama anga ni safi. Katikati ya hapo ndipo penye mabishano, na Machi 29, 2025 zilikuwa tano.